Kamio imeondoka: ni habari gani itangulie ku depo?

Sikieni mambo yaliyofikia kooperative moja ya upande wa Kalehe, wakati wa mvua. Ilipakia magunia 120 ya kahawa ya parshe, kilo 50 kila gunia, kwenda ku depo moja ya Bukavu. Sekretere alituma mesaji asubuhi: plaki ya kamio, jina la shofere, kufika saa kumi ya mchana. Yote ilikuwa kweli wakati ule. Lakini mbele ya kufika Katana kamio ikapata pane, na shofere akahamisha mzigo kwa kamio ya rafiki yake. Hakuna mtu aliyejulisha depo.

Ile kamio ya pili ilifika saa mbili na nusu usiku. Mulinzi akaangalia mesaji, akaangalia plaki: hazifanane. Shofere naye ni mwingine. Akakatala kufungua. Tusimlaumu, kazi yake ni hiyo. Mvua ikanyesha usiku, bashi ilikuwa na matundu, na asubuhi magunia 14 yalikuwa yameloa. Walipoyapima yalikuwa mazito kuliko ku bordero, na wengine wakafurahi! Kumbe uzito ule ni maji. Kahawa iliyoondoka na unyevu wa 12 kwa mia ilikuwa imepita kiasi, na mununuzi akaweka kilo 700 pembeni.

Taarifa ya kutuma mzigo haikosi katika kooperative zetu. Inayokosa ni taarifa inayofanana na kamio yenye kufika mbele ya mulango. Kwa hiyo tuangalie inaandikwa saa gani, na inasema nini.

Musiiandike usiku wa mbele ya safari. Usiku ule munajua tu mpango: mulitaka magunia 125, halafu asubuhi 5 yakaonekana hayajakauka vizuri, yakabaki. Muiandike gunia la mwisho likisha kupanda na bashi ikisha kufungwa, kabla shofere hajawasha motere. Wakati huo hesabu iko kweli, na bordero iko tayari na namba yake. Taarifa ichukue namba ile ile ya bordero, ili ku depo wasitafute.

Kuhusu gari, plaki usiiulize kwa shofere, nenda uisome mwenyewe ku gari, mbele na nyuma. Andika pia aina ya gari na rangi ya kabini, kwa sababu usiku mulinzi anaona rangi mbele ya kusoma namba. Kisha jina la shofere na la konvwayeri wenu, pamoja na telefone zao. Konvwayeri ni mtu wa kooperative anayepanda na mzigo mpaka mwisho. Kama hayuko, karatasi zinabaki kwa shofere peke yake, na siku ya ubishi hamutakuwa na mtu wenu pale.

Saa ya kufika ndiyo inaleta matata mengi. Watu wanahesabu kilometre, lakini barabara yetu haihesabike hivyo: kuna matope, kuna barieri, kuna soko ya Kavumu siku yake. Angalieni safari zenu tatu za mwisho katika msimu huu huu, zilichukua masaa mangapi kweli, kisha muandike kati ya saa fulani na fulani. Kama saa ya mwisho inapita saa ya kufunga depo, afazali kamio ilale kwenu, chini ya paa, na iondoke alfajiri.

Tena kuna kitu kidogo cha hatari: kwetu «saa kumi» ina watu wawili. Mwenye kuhesabu kwa Kiswahili anaelewa mchana unaelekea jioni, mwenye kuhesabu kwa Kifaransa anaelewa asubuhi. Andikeni 16:00 na maneno pembeni. Na kama mununuzi anakaa Kinshasa, mukumbuke saa yake iko nyuma ya yetu kwa saa moja, basi muongeze «saa ya Bukavu».

Halafu karatasi. Mtu atauliza: kama karatasi ziko ndani ya gari, juu ya nini kuzitaja tena? Ni kwa sababu zinapita mikono mingi njiani. Kila barieri inaomba kuziona, na siku moja moja inabaki. Kama taarifa ilisema ziko nne na depo ikapokea tatu, inajulikana mara moja gani imepotea, na konvwayeri bado yuko pale wa kuulizwa. Kwa kahawa hii zilikuwa: bordero yenye kashe, liste ya magunia na uzito wa kila loti, karatasi ya kipimo cha unyevu, na jeto za taksi zilizolipwa. Bordero ifanywe kopi tatu. Moja inabaki kwenu na sinyatire ya shofere, mbili zinasafiri, na moja katika hizo inarudi na sinyatire ya depo. Mupige picha ya kila karatasi mbele ya kuifunga ndani ya sashe ya plastiki, na sashe ikae kwa konvwayeri.

Mesaji nzima inaweza kuwa fupi hivi (namba na majina ni ya mfano tu):

«Bordero 017. Kahawa parshe, magunia 120, kilo 6.000 bila gunia, 6.120 pamoja na gunia. Unyevu 12%. Fuso, kabini bluu, plaki 3186AB. Shofere Yusufu, konvwayeri Furaha, telefone zao ni hizi. Imeondoka 9:20. Kufika kati ya 15:00 na 16:30, saa ya Bukavu. Karatasi 4: bordero kopi 2, liste ya loti, unyevu, jeto. Mujibu kama mumepokea.»

Hayo maneno ya mwisho si ya heshima tu. Mesaji inaweza kubaki hewani kwa kukosa rezo. Kama hakuna jibu katika nusu saa, mupige telefone, na kama kijiji chenu hakina rezo, mupange mapema nani atapanda mahali inapopatikana. Mutume kwa watu wawili tu, magazinieri na mununuzi, si ku grupe ya wanamemba wote. Njia, saa na rangi ya gari ni habari tamu kwa wezi. Bei ya mzigo musiiandike kabisa.

Na sasa turudi Katana. Pale pale pane ilipotokea, konvwayeri alipaswa kupigia sekretere, na sekretere atume mesaji ya pili, kwa telefone ile ile ya kwanza: «MABADILIKO bordero 017», plaki mpya, rangi, shofere mpya, saa mpya, na magunia mangapi yamehesabiwa wakati wa kuhamisha. Shofere asitume yeye mwenyewe. Depo ikianza kuamini kila mtu anayepiga simu na kusema gari imebadilika, mwizi naye atapiga. Mesaji ile ingefika saa nane ya mchana, magazinieri angesema mara moja kama anaweza kungojea ao hapana. Kama hapana, mzigo ungelala Kavumu chini ya paa.

Kooperative ile ilianika tena magunia 14 siku tatu. Mununuzi alichukua 9 kwa bei ya chini, 5 yalikuwa yameanza kunuka. Ku kopi ya bordero iliyorudi, magazinieri aliandika: «Gari si ile ya taarifa.» Mbele ya neno hilo kooperative haikuwa na cha kujibu.