Ratiba ya ukarabati: siku 25 zinapogeuka 44

Chukua jengo la zamani mjini Kilosa linaloezekwa upya, na tuhesabu kwa mfano. Kuezua paa siku 3. Kuziba nyufa na kumwaga lenta siku 5. Kupaua na kuezeka 6, lipu 5, rangi 4. Mbao na bati zinaagizwa siku ya kwanza na kufika baada ya siku 10.

Ukichora mistari ya kazi hizi kwenye chati ya Gantt, kazi inaisha siku ya 25. Mnyororo mrefu kuliko yote, unaoamua siku ya mwisho, ndio huitwa njia muhimu. Hapa unaanzia kwenye mbao na bati, kwa hiyo msimamizi atashinda akiwapigia simu wauza mbao.

Chati hiyo ina kosa. Zege la lenta linahitaji kumwagiwa maji na kukomaa kabla ya kubebeshwa kenchi. Tulipe siku 7. Lipu nayo lazima ikauke kabla ya rangi, la sivyo rangi itabanduka, tuipe 14. Hakuna fundi anayelipwa kwa kusubiri huko, ndiyo maana husahauliwa. Ukiziweka siku hizo, hesabu ni 3+5+7+6+5+14+4, yaani 44. Njia muhimu sasa inapita kwenye lenta na lipu, na mbao zinaweza kuchelewa siku 5 bila kuathiri mwisho.

Kosa la pili ni kazi inayoning'inia. Mabomba ya nyaya za umeme huingizwa ukutani baada ya kuta kurekebishwa, kwa siku 2, na lazima yatangulie lipu. Mchoraji asipoyafunga kwenye lipu, chati haitalalamika fundi umeme akichelewa. Atakuja kuchimba ukuta uliokwisha kupigwa lipu. Lipime hivi: ongeza kazi hiyo siku 20. Kwa kuwa ina akiba ya siku 11, mwisho unapaswa kusogea siku 9, hadi ya 53. Usiposogea, kiungo hakipo, au kuna tarehe iliyoandikwa kwa mkono ikizuia kazi isihame.

La tatu halionekani kwenye chati ya jengo moja. Tuseme mafundi wa kupaua wana kazi nyingine Mikumi, na watafika Kilosa siku ya 19 badala ya ya 16. Kupaua hakuna akiba hata ya siku moja, hivyo makabidhiano yanahamia siku ya 47. Chora majengo yote mawili pamoja, kisha funga kazi ya Kilosa kwenye mwisho wa ile ya Mikumi.

Kabla ya kusaini ratiba, muulize mkandarasi maswali mawili kwa kila mstari: kazi hii inasubiri nini, na nini kinaisubiri? Isipokuwa ya kwanza na ya mwisho, mstari usio na majibu yote mawili urudishwe ukachorwe upya.