Kuhamisha Folda ya OneDrive Bila Kumaliza Bando

Mpiga picha wa harusi ana GB 180 za picha kwenye folda yake ya OneDrive, na diski ya laptopu yake ya Windows imejaa. Amenunua diski ya nje. Akiiacha programu ishushe kila kitu upya, kwa intaneti ya Mbps 10 isiyokatika hata mara moja, kazi itachukua saa 40. Hana sababu ya kufika huko: picha anazo tayari, zinahitaji kuhama tu.

Kwanza atazame diski yenyewe. OneDrive hukataa diski isiyo na mfumo wa NTFS, na diski nyingi za nje huuzwa zikiwa exFAT. Kuibadilisha ni kuifomati, yaani kufuta vyote vilivyomo, kwa hiyo hilo lifanyike ingali tupu. Akiwa Disk Management, aipe pia herufi ya kudumu, tuseme P, isije ikabadilika siku atakapochomeka flashi.

Sasa asubiri OneDrive imalize kusawazisha, kisha afungue Settings, Account, abonyeze Unlink this PC. Wengi huruka hatua hii na ndipo bando linapowatoka. Faili zenye alama ya wingu la buluu hazimo kwenye kompyuta, kilichopo ni jina tu. Ukizinakili kwenda diski nyingine kabla ya kutenganisha akaunti, Windows huzishusha moja baada ya nyingine ili ipate cha kunakili. Ukishatenganisha, majina hayo huondoka kwenye kompyuta na faili hubaki salama mtandaoni.

Baada ya hapo anakili folda nzima kwenda P. Mimi nashauri kunakili, si kukata: waya ukichomoka katikati, nakala ya kwanza ipo. Kisha aingie tena kwenye OneDrive, na ukurasa wa kuonyesha mahali pa folda ukitokea, abonyeze Change location, achague folda iliyohamia P na kukubali kutumia hiyo hiyo.

OneDrive itaandika Processing changes, pengine kwa muda mrefu. Hapo inalinganisha faili za diski na za mtandaoni, na zinazofanana haizishushi. Afungue Task Manager: mtandao ukiwa umetulia, mambo yanakwenda. Ukiwa juu mfululizo, au yakizuka majina ya faili yaliyoongezewa jina la kompyuta, asitishe kwa Pause syncing, kwani huenda alichagua folda isiyo sahihi au faili zilibadilika kabla ya kuhama.

Nakala ya zamani ifutwe baada ya alama za kijani kuenea kote. Na diski ikichomolewa siku nyingine, OneDrive italalamika kwamba folda haionekani, lakini haitafuta kitu mtandaoni. Airudishe tu na kuifungua upya programu.