UPS Inapolia, Isikilize Kabla ya Kununua Betri

Mafundi wengi wakiletewa UPS inayolia hubadilisha betri kwanza, maswali baadaye. Mara nyingi wanapatia, maana betri ndiyo inayochakaa mapema kuliko kitu kingine chochote ndani ya lile boksi. Lakini zipo UPS zinazorudi kwa fundi wiki ileile, zina betri mpya na kelele ya zamani. Mwenye mali ameshatoa hela, na ugonjwa ulikuwa kwingine. Hasara hiyo inaepukika kabisa kama mtu ataisikiliza mashine yake kwa dakika chache kabla ya kufungua skrubu.

Ndani ya UPS ndogo ya dukani au ofisini mna vitu vitatu vya kukumbuka: betri ya risasi iliyofungwa ya volti 12, chaja ndogo, na inveta inayogeuza umeme wa betri kuwa volti 230. Umeme ukiwepo, UPS huupitisha tu mpaka kwenye kompyuta, huku chaja ikiijaza betri polepole. Umeme ukikatika, swichi ya ndani inaruka, utasikia "tak", na inveta inaanza kazi kabla kompyuta haijagundua kitu.

Milio yake haifanani kwa kila kampuni, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Katika UPS nyingi za bei nafuu, mlio mmoja kila sekunde 10 una maana kwamba mashine inatumia betri. Ukiharakisha ukawa kila sekunde moja, betri inakaribia kuisha, hifadhi kazi yako. Kila sekunde mbili ni ombi la betri mpya. Kila nusu sekunde, mzigo umezidi. Mlio mrefu usiokatika ni hitilafu ya mashine yenyewe. Sasa chukua Back-UPS za APC: zikiwa kwenye betri hulia mara nne kila nusu dakika, na mlio mrefu usiokatika kwao ni ishara ya mzigo uliozidi. Mlio uleule, maana mbili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kumwamini jirani anayekuambia "hiyo ni betri", tafuta jedwali la milio kwenye kijitabu cha mashine yako, au kwenye karatasi iliyobandikwa chini yake.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: inalia wakati umeme upo, au umekatika?

Kama taa za nyumba zinawaka na UPS bado inalia mlio wa kutumia betri, usiishuku betri bado. Huenda umeme unaofika hapo ni dhaifu. UPS hukubali umeme ndani ya mipaka yake tu, na mipaka hiyo imeandikwa kwenye lebo au kwenye kijitabu. Saa moja usiku, mtaa mzima unapowasha vitu vyake, volti zinaweza kushuka chini ya mpaka huo, na UPS inahamia kwenye betri ingawa balbu bado inawaka, hafifu. Utasikia "tak" ya kwenda, "tak" ya kurudi, tena na tena. Jenereta ndogo nazo huleta shida hiyohiyo, kwa sababu mwendo wake ukiyumba, umeme wake unayumba, na UPS inaukataa. Dawa hapa ni kupima volti za soketi jioni, kukagua ekstensheni ndefu na plagi zilizolegea, na tatizo likiwa la mtaa, kutoa taarifa kwa shirika la umeme. Ukiiacha hivyo, hata betri mpya itakufa mapema, maana inatumika kila jioni na haipati saa sita hadi nane za kutulia ili ijae.

Umeme ukikatika na UPS ikazima papo hapo, wanaoshukiwa ni wawili: betri iliyozeeka na mzigo uliozidi. Kwa macho wanafanana kabisa. Kuna kisa kimoja cha steshenari ya Temeke kinachoonyesha jinsi ya kuwatenganisha.

Dada mwenye duka alikuwa na UPS ya 650 VA. Nyuma yake alichomeka kompyuta, skrini, ruta, na printa ndogo ya leza. Malalamiko yake yalikuwa mawili. Akichapisha, UPS inalia kwa haraka sana. Umeme ukikatika, kila kitu kinazima hapohapo.

"Fundi, niletee betri mpya tu, nina wateja," alisema.

Fundi aligeuza UPS akasoma lebo. Ile 650 ni namba ya kibiashara. Namba inayobeba vitu ni ya wati, na kwenye lebo hiyo ilikuwa W 390. Kompyuta ya kawaida ya ofisini na skrini yake zilikula wati 140 hivi, ruta 10. Mpaka hapo ni 150, pumzi tele. Tatizo ni printa. Printa ya leza huyeyusha wino wa unga kwa joto, na kila inapopasha kile kifaa chake cha joto inavuta mamia ya wati kwa mpigo. Ikiwa imelala haionekani kuwa mzigo. Ikianza kuchapa, inaipita UPS nzima. Umeme ukiwepo, UPS inalalamika tu kwa mlio wa kila nusu sekunde, kwa sababu mzigo unabebwa na umeme wa nje. Ukikatika wakati karatasi inatoka, inveta inatakiwa ibebe peke yake kitu isichokiweza, nayo inajizima ili isiungue. Betri hapo haina kosa lolote.

Akachomoa printa, akaipeleka kwenye soketi ya ukutani. UPS nyingi zina soketi nyingine nyuma zilizotengwa kwa kinga ya umeme wa ghafla bila betri, nazo zinafaa kama printa haizidi kiwango kilichoandikwa kwao. Mlio wa haraka ukakoma. Sasa akamwomba dada azime kompyuta, akachomeka balbu ya zamani ya wati 100 badala yake, na akachomoa UPS ukutani. Jaribio hili lisifanywe kompyuta ikiwa inafanya kazi, maana likishindwa unapoteza faili.

Balbu iliwaka, ikafifia, ikazima. Haikufika dakika moja.

Kwa hiyo magonjwa yalikuwa mawili, na kila moja lilikuwa limejificha nyuma ya lingine. Angebadilisha betri tu, printa ingeendelea kuizima UPS. Angehamisha printa tu, betri ingeendelea kufa.

Fundi alifungua mashine ikiwa imechomolewa, akatoa betri, akaipima kwa multimita: volti 12.6. Dada alishangaa, kwa sababu namba hiyo ni ya betri iliyo hai. Hapa ndipo wengi hudanganyika. Volti za betri iliyopumzika hazisemi inaweza kutoa nguvu kiasi gani. Betri ya risasi ikizeeka, sahani zake zinaliwa na kutu, fuwele za salfeti zinagandamana juu yake, na maji kidogo yaliyomo yanakauka. Inakuwa kama mtungi uliojaa maji lakini shingo yake imeziba. Fundi aliifunga balbu ya taa ya gari ya volti 12 kwenye betri hiyo huku multimita ikiwa bado imeshikizwa. Ndani ya sekunde chache volti zilishuka chini ya 9. Betri nzima ya aina hiyo ingebaki juu ya 11 kwa dakika nyingi, na UPS nyingi hukata zenyewe volti zikikaribia 10.5, kwa hiyo ile ya dada ilikuwa imeshindwa kabla haijaanza.

Umri wake? Miaka minne. Watengenezaji husema betri hizi hudumu miaka mitatu hadi mitano, lakini hesabu hiyo ni ya chumba chenye nyuzi 20 hadi 25. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila nyuzi 10 zikizidi 25, maisha ya betri yanapungua karibu nusu. Chini ya bati, Temeke, mwezi wa pili, UPS ikiwa imesukumwa nyuma ya meza bila hewa, miaka miwili inatosha kuichosha. Mimi ningeihesabu betri ya Pwani kuwa ya miaka miwili hadi mitatu, na ningeandika tarehe juu yake kwa kalamu nzito siku inapowekwa.

Jambo jingine la kushangaza linatokana na uzee huohuo: umeme upo, lakini kompyuta inazima ghafla. Baadhi ya UPS hujipima zenyewe kila baada ya muda kwa kuhamia kwenye betri sekunde chache. Betri ikiwa imekufa, kipimo chenyewe ndicho kinachozima mashine.

Betri ya kununua ilikuwa ya volti 12 na Ah 7, saizi inayopatikana kwa urahisi Kariakoo. Omba muuzaji aipime mbele yako. Betri ya risasi hupoteza chaji hata ikiwa rafuni, na ikikaa miezi mingi bila kuchajiwa huharibika ingali mpya. Ikisoma chini ya 12.5, omba nyingine. Wakati wa kuiweka, nyekundu iende kwenye chanya na nyeusi kwenye hasi, kisha UPS iachwe kwenye umeme usiku kucha kabla ya kuipima tena. Betri ya zamani ikiwa imevimba mpaka imekwama, usiichokonoe kwa bisibisi.

UPS ya dada sasa inabeba kompyuta, skrini na ruta kwa dakika kumi na kidogo. Alitaka saa nzima, na ni haki kumweleza kwa nini haiwezekani. Ah 7 zimepimwa kwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu, inatoa pungufu sana. Wapo wanaojaribu kuunganisha betri ya gari ili wapate muda mrefu. Nashauri kwa dhati usifanye hivyo. Chaja ya UPS ni ndogo mno kwa betri hiyo, inveta yake haikutengenezwa kupata joto kwa saa nyingi, na betri ya gari inapochajiwa hutoa gesi inayolipuka, ndani ya chumba mlichokaa.

Betri iliyotolewa ina risasi, na haifai kutupwa jalalani wala kuuzwa kwa mtu anayeivunja uani. Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhuriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri chakavu, na mwaka 2020 mahakama iliagiza walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Funika ncha zake kwa gundi ya umeme zisigusane, kisha muulize anayekuuzia mpya kama anapokea chakavu, na anazipeleka wapi.