Mweka Rehani Ni Nani? Kukagua Majina, Anwani na Namba katika Mkataba Mrefu

Mwaka 2009 ofisi ya usajili wa makampuni ya Uingereza iliingiza kwenye daftari lake kwamba Taylor & Sons Limited, kampuni ya uhandisi ya Cardiff, imeamriwa kufilisiwa. Amri hiyo haikuihusu. Kampuni iliyofilisiwa ilikuwa Taylor & Son Limited, isiyo na herufi "s" mwishoni mwa neno la pili, na haikuwa na uhusiano wowote na ile ya Cardiff. Kosa lilisahihishwa baada ya siku chache, lakini habari zilikwishawafikia wanaouza taarifa za mikopo, na waliokuwa wakiikopesha bidhaa wakasita. Kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 250 ikaanguka. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba ofisi ile ilikosa uangalifu na inawajibika kwa hasara.

Kampuni hizo mbili zilikuwa na namba tofauti za usajili. Anayelinganisha majina peke yake huona yanafanana na kuridhika, ila anayelinganisha namba husimama. Tofauti hiyo ndiyo msingi wa kazi ninayotaka kuieleza, na nitaieleza kupitia mkataba wa mkopo wa benki uliowekewa dhamana ya nyumba hapa Tanzania. Nimeuchagua kwa sababu una watu wengi: benki inayokopesha, kampuni inayokopa, mwenye nyumba anayeweka rehani, mdhamini, na mume au mke wa mweka rehani ambaye ridhaa yake inahitajika nyumba inapokuwa makazi ya familia. Kila mmoja ana jina, anwani na namba, na vyote hivyo hurudiwa katika mkataba wa mkopo, hati ya rehani, hati ya udhamini, fomu ya ridhaa na viambatisho.

Makosa huingia kwa njia inayoeleweka. Mwandishi haanzi na karatasi tupu. Anachukua mkataba wa mteja aliyetangulia, anabadilisha majina, kisha anaupeleka mbele. Kompyuta hubadilisha neno lililoandikwa sawasawa na alivyoagiza, na huliacha lile lenye nafasi mbili katikati au lenye kifupi cha "Ltd" badala ya "Limited". Viambatisho huandikwa na mtu mwingine, mara nyingi siku nyingine. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza, ambao kila mtu anausoma, huwa msafi, na uchafu hukaa kwenye ukurasa wa 30.

Ndiyo maana siwashauri watu waanze kwa kulinganisha kurasa za mkataba zenyewe kwa zenyewe. Jina lililokosewa kwenye ukurasa wa kwanza linaweza kukosewa vilevile mpaka mwisho, na mkataba ukaonekana hauna mgongano. Anza nje ya mkataba. Chukua karatasi moja, gawa safu, na kwa kila mhusika andika jina kamili, namba ya utambulisho, anwani na cheo anachosainia, ukinakili kutoka kwenye nyaraka za asili tu. Kwa kampuni ni cheti cha usajili na taarifa ya upekuzi kutoka BRELA. Kwa mtu binafsi ni kitambulisho cha taifa. Kwa nyumba ni hati miliki pamoja na matokeo ya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Nakili kama ilivyo, hata kama herufi inakukera. Karatasi hiyo sasa ndiyo kipimo, na mkataba ndio unaopimwa.

Kisha usomaji wenyewe. Usisome mkataba wote ukitafuta kila kitu. Mchukue mhusika mmoja, pita naye kuanzia jalada hadi saini ya mwisho ukitazama jina lake, namba yake na anwani yake tu, halafu rudi mwanzo na mhusika wa pili. Inachosha, na kwa mkataba wa kurasa 40 inakula nusu siku. Lakini jicho linalofuata hoja ya kisheria huruka majina, kwa sababu limekwisha kuyajua. Namba zisomwe na watu wawili: mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye kitambulisho, tarakimu mbilimbili au tatutatu, mwingine anaweka alama kwenye mkataba. Mtu aliye peke yake huona namba anayoitarajia.

Kutafuta kwa kompyuta, yaani Ctrl+F, kunasaidia baada ya hapo, si kabla. Tafuta kipande kifupi cha jina, kwa mfano "Trad" badala ya jina zima la kampuni, ili yaje yote yaliyo sahihi na yaliyopotoka. Tafuta pia jina la mteja wa zamani kama unajua mkataba ulitoka wapi. Na kumbuka kwamba ukurasa ulioskaniwa ni picha tu. Kompyuta inaweza kukuambia hakuna kitu wakati jina limekaa pale waziwazi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkopaji ni Mfano Traders Limited. Mweka rehani ni mkurugenzi wake, Asha Saidi Juma, anayeweka nyumba yake iliyoko Kimara, Dar es Salaam.

Jambo la kwanza linaonekana kwenye hati ya udhamini: deni linalodhaminiwa ni la "Mfano Trading Limited". Wengi watasema ni kosa la mpiga chapa, na huenda ni kweli. Lakini kampuni ni mtu wa kisheria, na BRELA inaweza kabisa kuwa na kampuni nyingine yenye jina hilo. Siku ya kudai, mdhamini atasema hakudhamini deni la Mfano Traders. Mahakama inaweza kuangalia mazingira na kukubali kwamba jina lilikosewa tu, lakini benki itakuwa imetumia muda na fedha kuthibitisha jambo ambalo herufi tatu zingelimaliza. Hapa namba ya usajili huokoa. Ikiwa imeandikwa kando ya jina kila mahali, kosa la jina haliachi shaka ni nani aliyekusudiwa. Kuna tahadhari moja, kwamba jina la biashara si kampuni. Duka lililosajiliwa kama jina la biashara halina uhai wake wa kisheria. Mhusika ni mwenye duka, na mkataba unapaswa kumtaja yeye kuwa anafanya biashara kwa jina hilo.

La pili ni jina la Asha. Kitambulisho chake kinasema Asha Saidi Juma. Hati miliki, iliyotolewa miaka mingi kabla, inasema Asha Said Jumaa. Majina yetu yamejaa tofauti za namna hii: Said na Saidi, Rashid na Rashidi, Hadija na Khadija, Mohamed na Mohammed. Kuna pia mwanamke ambaye karatasi moja inamtaja kwa jina la babu na nyingine kwa jina la mume. Mkaguzi mwenye haraka huchagua tahajia anayoipenda na kuisambaza mkataba mzima. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile alilolikuta, kwa sababu amefuta ushahidi wa tofauti bila kuiondoa. Tofauti bado ipo kwenye daftari la ardhi, na Msajili wa Hati ataiona rehani itakapopelekwa kusajiliwa. Njia sahihi ni kuieleza. Asha aape kiapo kwamba majina hayo mawili ni yake, na mkataba umtaje kwa jina la kitambulisho, ukiongeza kwamba ndiye anayeonekana kwenye hati miliki kwa jina lile jingine.

La tatu ni namba. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Hilo ni jambo linalofaa sana kwa mkaguzi. Ikiwa mkataba unasema Asha alizaliwa tarehe 12 Juni 1978 na namba yake inaanza na 19780621, kuna kosa mahali fulani hata kabla hujaona kitambulisho. Hesabu pia idadi ya tarakimu, kwa maana sifuri zikifuatana, moja hudondoka kwa urahisi. TIN ina tarakimu tisa, kwa hiyo yenye nane haihitaji mjadala. Lakini jaribio hili hukamata baadhi ya makosa tu. Tarakimu mbili zilizogeuzwa mwishoni mwa namba zitapita, na ndiyo sababu ya kusoma kwa sauti.

La nne ni anwani, na hapa pana mitego miwili. Kwenye kiambatisho, nyumba imeelezwa kuwa iko Kitalu "B", wakati hati miliki inasema Kitalu "D". Herufi hizo hufanana kwenye nakala iliyofifia, nazo hutenganisha nyumba ya Asha na ya mtu asiyemjua. Hilo lirekebishwe bila mjadala. Lakini hati miliki pia inasema Manispaa ya Kinondoni, na mkataba unasema Ubungo. Hapo hakuna aliyekosea. Kimara ilikuwa Kinondoni kabla ya Manispaa ya Ubungo kuundwa, kama ambavyo Kigamboni ilikuwa ndani ya Temeke. Maelezo ya kiwanja yabaki kama yalivyosajiliwa, na maneno "sasa Manispaa ya Ubungo" yaongezwe pembeni. Mkaguzi asiyejua historia ya mipaka ya jiji ataharibu anwani sahihi akidhani anaitengeneza.

Anwani ya kupelekea taarifa ni suala jingine, nami huipa uzito ambao wengi hawaupi. Kifungu cha taarifa hukaa karibu na mwisho, mahali wasomaji wamechoka. Chini ya Sheria ya Ardhi, mkopeshaji hawezi kukimbilia kuuza nyumba. Lazima kwanza ampe mweka rehani notisi ya kukiuka masharti. Ikiwa sanduku la posta limekosewa tarakimu moja, notisi itakwenda kwa mwingine, na Asha anaweza kusikia habari za mnada kutoka kwa majirani. Kosa hilo humwumiza mwenye nyumba kwanza, kisha huirudia benki mahakamani.

Mwisho angalia ukurasa wa saini, kwa kuwa hapo ndipo mtu mmoja hubeba kofia mbili. Asha anasaini kama mkurugenzi wa kampuni, na anasaini tena kama mweka rehani kwa nafsi yake. Kila nafasi iwe na maneno yake. Fomu ya ridhaa ya mume nayo itazamwe kwa makini, kwa sababu ni karatasi fupi inayonakiliwa kutoka faili hadi faili, na hakuna mahali ninapotarajia zaidi kukuta jina la mteja wa zamani.

Marekebisho yote yakiingizwa, ukaguzi urudiwe juu ya nakala ya mwisho itakayosainiwa, si juu ya ile ya jana. Kosa likigundulika baada ya saini, usiruhusu mtu alifute kwa kalamu peke yake. Pande zote ziweke saini fupi kando ya marekebisho, au zisaini hati ya marekebisho inayotaja kifungu, maneno yaliyokosewa na maneno sahihi. Na kama rehani imekwisha kusajiliwa, marekebisho hayo nayo yapelekwe kwa Msajili wa Hati, maana mnunuzi au mkopeshaji atakayefuata atapekua daftari lake, si faili la benki.