“Saa mbili hivi” haitoshi: maelezo ya ajali kwa kampuni ya bima

“Dada, gari imegongwa, hata sielewi. Noah imenipiga nyuma, jamaa alikuwa mbio, kama kalewa vile. Boda kakatiza, nikafunga breki. Ilikuwa saa mbili hivi. Bampa limekwisha, buti halifungi, na ule mlango uliokwaruzika.”

Hivyo ndivyo dereva wa IST aliyegongwa Barabara ya Sam Nujoma, Dar es Salaam, anavyoweza kumwandikia dada yake huku mikono ikitetemeka. Dada akikaa kuandika maelezo ya madai ya bima, kazi yake ya kwanza ni kuuliza.

Aanze na muda. “Saa mbili” ni ya asubuhi au ya usiku? Simu inaonyesha kuwa dereva alimpigia trafiki saa 19:52, yaani saa 1:52 usiku. Ajali basi ilitokea kabla ya hapo, na fomu ikisema saa mbili itapishana na ripoti ya polisi. Tofauti ndogo kama hiyo humfanya mkaguzi wa bima atilie shaka hata yaliyo kweli.

Kisha “kama kalewa”. Je, alinusa pombe? Hapana, alikasirika tu. Dhana hiyo inatoka. Kwa “alikuwa mbio”, alichokiona hasa ni taa za Noah zikikua haraka kwenye kioo cha ndani. Hicho kinaandikwa, kwa sababu alikiona mwenyewe.

Ila breki ya ghafla inabaki, hata kama dereva angependa ifichwe. Mkataba wa bima umejengwa juu ya ukweli wa mteja, na jambo zito likifichwa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Kwa sababu hiyohiyo mlango unaondolewa: mkwaruzo ule ni wa zamani, na kuudai ni kudai kisichotokana na ajali hii.

Yakishachujwa, maelezo yanakuwa hivi:

“Nilikuwa natoka Ubungo kwenda Mwenge, njia ya kushoto, kwa mwendo ninaoukadiria kuwa kilomita 40 kwa saa. Manyunyu yalikuwa yakinyesha na taa zangu zilikuwa zinawaka. Muda mfupi kabla ya saa 1:52 usiku, bodaboda ilikatiza mbele yangu kutoka kushoto. Nilifunga breki kwa nguvu, gari likasimama bila kuigusa. Kwenye kioo niliona taa za Noah zikikaribia haraka, kisha ikanigonga nyuma. Bampa la nyuma limevunjika na buti halifungi. Sikuumia.”

Namba za usajili za Noah na jina la kituo cha polisi vinajazwa kwenye nafasi zake za fomu, na picha zinaambatishwa. Jumbe za awali hazifutwi.

Dada anamsomea kwa sauti kabla hajasaini. Dereva anaomba sentensi moja iongezwe: “Bodaboda haikusimama, na namba zake sikuziona.”