Chupa ya Dukani na Jasho la Mchezaji

Katika maduka ya Kasese, na katika yale ya Bwera yaliyo kwenye barabara ya mpaka wa Mpondwe, vinywaji vya enaji na vinywaji vya michezo hupangwa rafu moja. Vyote vina rangi kali na vyote vinaahidi nguvu, kwa hiyo kijana mwenye mechi saa kumi jioni huchukua chochote ambacho pesa yake inatosha. Kumbe ni bidhaa mbili zenye kazi mbili tofauti. Kinywaji cha michezo ni maji yenye sukari kiasi na chumvi kidogo. Kinywaji cha enaji ni sukari nyingi pamoja na kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa. Anayetaka kujua kama pesa yake inakwenda mahali pazuri aanze na mwili: umepoteza nini uwanjani, na chupa inarudisha nini?

Tumchukue kiungo wa timu ya shule mwenye kilo 60. Kasese iko bondeni chini ya Rwenzori, karibu kabisa na mstari wa ikweta, na joto la mchana huko si la mzaha. Kabla ya mechi anapanda mzani akiwa na kaptula tu, na baada ya mechi anajifuta jasho na kupanda tena. Mzani unasoma kilo 58.9, na wakati wa mechi alikunywa nusu lita ya maji. Kilo moja iliyopungua ni takriban lita moja ya maji, kwa hiyo jasho lake ni lita 1.1 ukijumlisha ile nusu aliyokunywa, yaani lita 1.6. Upungufu uliobaki haujafika asilimia mbili ya uzito wake, kiwango ambacho watafiti wengi huanza kuona mchezaji akipungua kasi na umakini. Angekaa bila kunywa kabisa, angekivuka. Kipimo hiki hakigharimu kitu pale penye mzani, na kinamweleza mchezaji mambo ambayo tangazo haliwezi kumweleza: anahitaji maji kiasi gani yeye mwenyewe. Mzani ukionyesha ameongezeka uzito, basi amekunywa kupita kiasi, na hilo nalo lina hatari yake kwa sababu chumvi ya damu huzimuliwa.

Sukari je? Misuli inayokimbia hutumia glaikojeni, yaani akiba ya wanga iliyowekwa ndani ya misuli yenyewe. Mwaka 1973 mtafiti Bengt Saltin alionyesha kwamba wachezaji walioingia uwanjani na akiba ndogo walikimbia umbali mfupi zaidi, na kipindi cha pili walitembea sana. Hapa ndipo kinywaji cha michezo kina hoja ya kweli. Lakini itazame vizuri hoja hiyo. Akiba hujazwa na chakula cha usiku uliotangulia na cha mchana wa mechi: matoke, wali, viazi, posho. Mazoezi ya dakika 50 hayaimalizi, na kwa mazoezi hayo maji yanatosha. Ni katika mechi kamili ya dakika 90 ndipo gramu 30 hivi za wanga au sukari wakati wa mapumziko husaidia, na gramu hizo zimo katika bogoya moja kubwa au kabaragara mbili tatu. Mwaka 2012 mtafiti David Nieman na wenzake waliwapa waendesha baiskeli ndizi siku moja na kinywaji cha michezo siku nyingine, katika mbio za kilomita 75, na muda wao haukutofautiana. Wilaya yenye ndizi kila soko ina kila sababu ya kulikumbuka jaribio hilo. Asiyependa kutafuna katikati ya mechi ana njia nyingine, nayo tutaifikia.

Wapo watakaosema: mimi nikinywa enaji nasikia nguvu, hilo hamwezi kulikana. Halikanwi. Kafeini huzuia ubongo usipokee ishara ya uchovu, na mchezaji huona kazi ile ile imekuwa nyepesi. Ila kiasi kilichothibitishwa katika majaribio mengi ni miligramu tatu au zaidi kwa kila kilo ya uzito, yaani 180 kwa kiungo wetu. Kopo la mililita 250 la aina inayojulikana sana lina miligramu 80 tu, pamoja na gramu 27 za sukari. Ili afikie kiasi hicho itabidi anywe makopo zaidi ya mawili, na sukari hiyo, iliyo nzito karibu mara mbili ya ile ya kinywaji cha michezo, hukawia tumboni na kumwacha akikimbia huku tumbo likichezacheza. Na hizo 180 ndizo kikomo cha siku nzima kwa kijana wa uzito wake, kwa mujibu wa mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya katika tathmini yake ya mwaka 2015. Mdogo wake wa kilo 50 anakipita kikomo chake kwa makopo mawili. Madaktari wa watoto wa Marekani walikuwa wakali zaidi mwaka 2011: walisema vinywaji hivi havina nafasi kwa watoto na vijana.

Kuna gharama nyingine ambayo haimo katika bei. Nusu ya kafeini huchukua kama saa tano kutoka mwilini. Aliyekunywa saa tisa alasiri bado ana nusu yake saa mbili usiku, anapofungua daftari, na robo yake saa saba usiku, wakati ambao angekuwa usingizini. Mwanafunzi anayekosa usingizi hupoteza darasani na hupoteza kwenye mazoezi ya kesho, kwa maana misuli hujitengeneza akiwa amelala. Kwa mtu mzima anayecheza Jumapili tu, mwenye moyo na shinikizo la damu visivyo na shida, kikombe cha kahawa ya miteremko ya Rwenzori kina kafeini inayokaribia ya kopo la enaji, na sukari anajiwekea mwenyewe.

Pingamizi lenye uzito zaidi kuliko yote ni la maji. Chupa ya kiwandani imefungwa, na mwaka 2015 wilaya ya Kasese ilikaa miezi kadhaa na kipindupindu kilichoenezwa na maji machafu. Mzazi anayemnunulia mtoto chupa kwa hofu hiyo hakosei. Jibu liko kwenye kuchemsha maji, na tiba ya ugonjwa huo huo inatufundisha kitu. Mgonjwa wa kipindupindu huokolewa na maji yenye sukari na chumvi, kwa sababu ukuta wa utumbo hupitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji huzifuata. Kinywaji cha michezo kinategemea njia hiyo hiyo, kikiwa na sukari nyingi zaidi na chumvi pungufu. Nyumbani kinatengenezwa hivi: lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vitano vya mezani vya sukari vilivyosawazishwa, robo ya kijiko cha chai cha chumvi ya pakiti yenye madini joto, na maji ya limau moja kwa ladha. Onja kabla ya kutia chupani: chumvi isisikike kuliko ile ya machozi. Ikizidi hapo, mwaga uanze upya. Tengeneza asubuhi ya mechi, na kilichobaki jioni usikiweke hadi kesho.

Chumvi hiyo hairudishi yote iliyotoka, na hata ya dukani hairudishi. Jasho la lita moja hubeba kiasi cha gramu moja ya sodiamu, ingawa watu hutofautiana sana. Mwenye jezi iliyobaki na michirizi myeupe hutoa nyingi. Nusu lita ya kinywaji cha michezo huwa na takriban robo gramu. Iliyobaki hurudi kwa sahani ya maharage yaliyotiwa chumvi, jioni ile ile.

Ipo siku ambayo ningenunua bila kusita. Timu imesafiri kwa mashindano, ina mechi mbili kwa siku moja na saa chache katikati, jua ni kali, na hakuna aliyebeba maji ya kuaminika wala chakula kinachoshuka. Hapo chupa ya kinywaji cha michezo, ile isiyo na neno kafeini katika orodha ya viungo, inafanya kazi iliyoundiwa. Isome lebo kabla ya kulipa: sukari iwe gramu sita hivi kwa kila mililita 100, na sodiamu iwe imetajwa. Ikiwa na gramu 11 na kafeini, irudishe rafuni, uchukue maji na ndizi.