Dawati Lililobaki Tupu: Kukaa Mduara na Watoto Waliofiwa na Mwenzao



Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, bweni la wavulana la Hillside Endarasha Academy, huku kwetu Kieni, liliteketea kwa moto na watoto 21 wakapoteza maisha. Nchi nzima iliomboleza siku tatu. Lakini siku hizo zikiisha, watoto waliobaki hurudi darasani. Na si moto peke yake. Kila mwaka kuna darasa linalopoteza mwenzao kwa nimonia, kwa ajali ya bodaboda, au kwa mto uliofurika. Mwalimu huingia asubuhi na kukuta dawati moja halina mtu. Afanye nini?

Wazee wetu hawakuzungumza habari za kifo mbele ya watoto. Maiti na vitu vyake viliogopwa kwa sababu ya thahu, na mtoto aliambiwa tu kwamba fulani amelala au amesafiri. Nia ilikuwa kumkinga. Shida ni kwamba mtoto mdogo akisikia "amelala," anaanza kuogopa kulala. Akisikia "Mungu alimpenda zaidi akamchukua," anaanza kumwogopa Mungu. Hata sisi wa parokia tumewahi kusema maneno hayo, na tumeyaacha. Sema wazi: "Amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi, haumwi tena, na hatarudi."

Tueleze jinsi tulivyosaidia darasa moja la gredi ya 5, upande wa Karatina, watoto 38. Mvulana mmoja aliugua mapafu, akalazwa siku chache, akafariki Jumapili. Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele, tulikutana na mwalimu wa darasa. Mama wawili wa kikundi walikuwa wameshaenda kwa wazazi kuwauliza mambo mawili: je, mnakubali watoto waambiwe? Na mnataka waambiwe nini kuhusu ugonjwa? Msiruke hatua hii. Habari ya kifo ni mali ya wenye msiba kwanza. Jambo la pili, mwalimu aliweka alama kwenye rejista ili jina lile lisiitwe kwa mazoea. Likiitwa kwa bahati mbaya, darasa zima hulia upya.

MDUARA WENYEWE

Madawati yalisukumwa kando, lakini la marehemu likaachwa mahali pake. Watoto walikaa mduara, mwalimu akiwa mmoja wao, na mtu mzima wa pili karibu na mlango. Huyo kazi yake ni kumfuata mtoto anayetoka nje akilia, ili mwalimu asiwaache wengine. Muda ni dakika 30 hadi 40, si zaidi.

Mwalimu alisema ukweli kwa sentensi chache, kisha akatoa jiwe laini la mtoni. Mwenye jiwe ndiye anayesema, na asiyetaka kusema analipitisha tu bila kuulizwa kwa nini. Kupitisha ni haki yake, si utovu wa adabu. Siku ile watoto 11 walilipitisha kimya, na tuliwaacha.

Swali lilikuwa moja: "Unakumbuka nini kuhusu mwenzetu?" Mmoja akasema alijua kupiga mluzi kama ndege. Mwingine akasema hakurudisha rula yake, na wote wakacheka. Kicheko hicho msikikemee. Mtoto huomboleza kwa vipindi: analia, halafu anakimbilia mpira, halafu analia tena.

Swali ambalo hatuulizi kamwe ni "Uliona nini?" Shirika la Afya Duniani linashauri mtu aliyetoka kupatwa na jambo la kutisha asishurutishwe kulisimulia upya, kwani hakumsaidii. Mtoto akianza mwenyewe kusimulia damu au moto, mwalimu aseme kwa upole, "Hilo ni zito. Tutakaa mimi na wewe tuliongee baadaye," na kweli akae naye siku hiyo hiyo.

Jiwe lilipokaribia mwisho, msichana mmoja alisema, "Ni mimi. Nilimwambia kufa." Walikuwa wamegombana Ijumaa juu ya penseli. Basi hapo ndipo tuliona faida ya mduara. Watoto wa umri huu hudhani kwa urahisi kwamba maneno yao yanaweza kuua, na wakinyamaziwa hubeba mzigo huo peke yao. Mwalimu akamjibu mbele ya wote: "Maneno hayaui. Aliugua mapafu. Ugomvi wenu haukuleta ugonjwa." Wengine walinyanyua vichwa. Kumbe hakuwa yeye peke yake.

Tulifunga kwa kimya cha dakika moja, kila mtoto akisali kwa njia ya kwao, maana darasani kulikuwa na Wakatoliki, wa PCEA, Waakorino na Mwislamu mmoja. Halafu uji, halafu mchezo uwanjani. Usifunge mduara kisha ukaanza mtihani wa hesabu.

KUCHAGUA TENDO LA KUMBUKUMBU

Kanisani tumezoea kuwasha mshumaa. Lakini kwa watoto waliofiwa na mwenzao kwa moto, mshumaa unaweza kurudisha hofu yote. Vivyo hivyo, mtoto akifa maji, acheni beseni la maji. Kwanza tazameni alikufaje, ndipo mchague. Ua moja kwa kila mtoto, au karatasi ya kuchora, halidhuru darasa lolote.

Vikundi vingi hupenda kupanda mti. Ni vizuri, ila mti ukikauka watoto hufiwa mara ya pili. Subirini mvua za Machi au Oktoba, wekeni ua wa kuzuia mbuzi, na mkubaliane nani atamwagilia wakati wa likizo. Kule Kieni kwenye ukame, daftari la kumbukumbu linafaa kuliko mche.

Dawati nalo lisiondolewe usiku kwa siri. Kule Karatina liliwekewa maua kwa wiki moja. Ijumaa ya baada ya mazishi, watoto walikaa mduara wa pili wakaamua wenyewe: michoro yao ipelekwe kwa mama yake, na Jumatatu darasa lote libadilishe viti. Wote walipohama, hakuna aliyeonekana amechukua nafasi ya marehemu.

MDUARA UNA MPAKA

Mduara si tiba. Usingizi kusumbua, kukojoa kitandani au kushikamana na mama kwa majuma ya kwanza ni kawaida. Lakini baada ya mwezi, ikiwa mtoto bado hali, anakataa shule, au ndoto mbaya haziishi, apelekwe hospitali aonane na mshauri. Akisema anataka kumfuata mwenzake, msingoje hata siku moja. Mtu mzima akae naye hadi afikishwe kwa msaada. Namba 116 ni simu ya bure ya watoto nchini Kenya.

Mwisho, kikundi kiandike tarehe tatu: siku ya kuzaliwa ya mtoto, siku ya kufunga muhula, na siku aliyofariki. Siku hizo majonzi hurudi na watu wazima wanakuwa wameshasahau. Dakika kumi za mduara asubuhi zinatosha. Kule Karatina, msichana wa penseli ndiye aliyeomba jiwe lianzie kwake.